"Salama" si Taarifa ya Afya: Namna ya Kulisoma Jibu la Neno Moja

Mawasiliano kati ya mgonjwa na mhudumu wa afya hayamaliziki tena kwenye mlango wa kliniki. Muuguzi humtumia mama aliyejifungua ujumbe mfupi kumjulia hali, na mfamasia humuuliza mgonjwa wa kisukari kama dawa zimebaki. Mara nyingi jibu linalorudi ni neno moja tu: "salama", "sawa", "nzuri", "poa". Neno hilo husomwa kwa nusu dakika, faili hufungwa, na kazi nyingine huendelea. Makala haya yanaeleza neno hilo hubeba nini na halibebi nini, wakati gani linatosha, na wakati gani mhudumu anapaswa kuuliza tena au kupiga simu.

Salamu hutangulia, habari hufuata

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kujibu "nzuri" anapoulizwa habari si kutoa taarifa. Ni kuitikia salamu. Hata neno "sijambo", likichambuliwa, humaanisha kwamba mtu hana jambo, ilhali hutamkwa na watu wenye mambo mengi. Mtu aliyefiwa jana akiulizwa "habari za nyumbani?" huweza kuitikia "nzuri" au "salama", kisha akavuta pumzi na kuongeza: "ila tumepata msiba". Hakuna anayemwona mwongo, kwa kuwa wote wanajua utaratibu: kwanza huitikiwa salamu, kisha huja neno "ila" au "lakini", na habari yenyewe hukaa nyuma ya neno hilo.

Watu wanapoonana ana kwa ana, utaratibu huu haumpotezi yeyote. Muuguzi husikia "nzuri", humtazama mgonjwa usoni, hunyamaza kidogo, na "ila" hujitokeza yenyewe. Katika ujumbe wa simu, mazungumzo hukatika palepale kwenye kiitikio. Aliyeuliza huona amejibiwa, na aliyejibu huona ametimiza adabu, pengine akisubiri kuulizwa tena ili aseme. Kila mmoja amefanya lililo sahihi kwa desturi, lakini habari ya ugonjwa imebaki bila kusemwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama si jibu la mgonjwa, bali swali la mhudumu. Swali likiwa "unaendeleaje?" au "habari za leo?", neno "salama" limejibu salamu peke yake. Haifai kulihesabu kuwa ushahidi kwamba mgonjwa hana homa, hatoki damu au hajaacha dawa, kwa sababu hakuulizwa lolote kati ya hayo.

Neno "sawa" lina kazi nyingine tena. Mhudumu akiandika "Kliniki ni Jumatano saa 2 asubuhi, uje na kadi," na mgonjwa akajibu "sawa", jibu hilo kwa kawaida humaanisha kwamba ujumbe umepokelewa. Hapo linatosha, na kumpigia simu mgonjwa huyo ni kumsumbua bure. Lakini mhudumu akiandika "Meza vidonge viwili asubuhi na kimoja usiku, na ukiona miguu inavimba uje mara moja," neno "sawa" halionyeshi kama maelezo yameeleweka. Linaonyesha tu kwamba mgonjwa hataki kubishana na mtaalamu. Pale ambapo kosa la dozi linaweza kumdhuru, mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyomeza dawa hizo.

Funzo kutoka Kenya: "Sawa", "Shida" na ukimya

Utafiti unaojulikana sana kuhusu jibu la neno moja katika tiba ulifanyika Kenya, ukiandikisha washiriki kati ya mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Ulihusisha watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Wengine, mbali na huduma hiyo, walitumiwa kila wiki ujumbe wenye neno moja la kawaida kabisa: "Mambo?" Haukutaja ugonjwa wala dawa, hivyo hata mtu mwingine akiushika ule mkono wa simu na kuusoma, asingejua unatoka wapi na kwa sababu gani.

Waliotumiwa ujumbe walifundishwa mapema namna ya kujibu. Aliye vizuri aliandika "Sawa", na mwenye tatizo aliandika "Shida". Majibu yalitarajiwa ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na ambaye hakujibu kabisa naye alipigiwa simu.

Mwishoni mwa utafiti, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe waliripoti kumeza dawa zao ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wale wa huduma ya kawaida. Kwa kuwa maneno ya mgonjwa peke yake yanaweza kupotoka, kiwango cha virusi katika damu nacho kilipimwa. Virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Ujumbe ule haukuwa na elimu wala onyo lolote ndani yake. Tofauti yake na "unaendeleaje?" ya kila siku ilikuwa katika makubaliano. Kwanza, maneno yote mawili yalipewa maana kabla hayajatumika, hivyo "Sawa" haikuwa tena kiitikio cha adabu. Pili, kusema "Shida" kulifanywa kuwa kwepesi sawasawa na kusema "Sawa". Mgonjwa hakulazimika kutunga maelezo marefu, kuomba radhi kwa usumbufu, wala kutaja siri yake kwenye simu. Tatu, ukimya ulihesabiwa kuwa jibu, na ulikuwa na mtu maalumu wa kuushughulikia kwa muda uliojulikana.

Mpango huu una mipaka yake. Utafiti mwingine uliotumia njia hiyohiyo kwa watu 700 huko Kibera, na kuchapishwa mwaka 2018, haukuonyesha kwamba ujumbe wa kila wiki uliwafanya wagonjwa wengi zaidi wabaki katika huduma kwa mwaka mzima. Mtu anayeacha kliniki kwa sababu amehama, amekosa nauli au amepata kazi ya mbali hawezi kurudishwa na ujumbe peke yake. Ujumbe hufichua kwamba kuna shida. Kuitatua shida hiyo ni kazi nyingine.

Kisa: mama wa siku ya sita

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha namna maamuzi haya yanavyofanyika. Mama mwenye umri wa miaka 22, uzazi wa kwanza, amejifungua akiwa na shinikizo kubwa la damu la ujauzito pamoja na protini kwenye mkojo, hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Ametibiwa, na siku ya nne ameruhusiwa kwenda nyumbani shinikizo likiwa 138/88, akiwa na vidonge vya nifedipini. Muuguzi wa wodi ya wazazi amechukua namba yake ili amfuatilie.

Siku ya tano, mama anaandika mwenyewe: "Shikamoo nesi. Tumeamka vizuri, mtoto ananyonya sana, jina tumempa Rehema," na picha ya mtoto inafuata. Muuguzi anaitikia marahaba na kumpongeza.

Siku ya sita, saa 3 asubuhi, muuguzi anaandika: "Habari za asubuhi mama Rehema, mnaendeleaje wewe na mtoto?" Jibu linaingia saa 10 jioni: "Salama."

Je, afunge faili? Yapo mambo matatu ya kupima, na yanafaa kupimwa kwa mpangilio huu.

La kwanza ni hatari ya ugonjwa wenyewe. Baada ya kujifungua, shinikizo la damu huelekea kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambapo mama wengi wamekwisha kurudi nyumbani. Degedege la kifafa cha mimba linaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, hasa katika siku za mwanzo, na mara chache hata wiki kadhaa baadaye. Mama huyu yumo ndani ya siku hizo za hatari. Kwake, jibu lisiloeleweka lina gharama kubwa, hata kama uwezekano wa tatizo ni mdogo. Jambo hili peke yake linatosha kumfanya muuguzi aulize tena, hata jibu lingekuwa refu na la furaha.

La pili ni swali. Muuguzi aliuliza habari za watu wawili katika sentensi moja, na ndani ya salamu. "Salama" inaweza kuwa ya mtoto, ya mama, au kiitikio tu. Kichwa, macho, tumbo na dawa havikutajwa.

La tatu ni desturi ya mtu huyu. Jana aliandika maneno mengi, akatanguliza shikamoo kwa muuguzi aliyemzidi umri, akatuma picha. Leo hakuna shikamoo, na jibu limechukua saa saba. Mtu ambaye kila siku huandika "poa" akiandika "poa" hajabadilika. Mtu aliyezoea kueleza, akianza kukata maneno, amebadilika, na sababu haijulikani. Pengine mtoto alikuwa analia, au chaji ya simu iliisha. Pengine mama anaumwa kichwa na kioo cha simu kinamchoma macho. Pengine pia aliyejibu si yeye, bali ni mume au mdogo wake aliyeshika simu, na ndiyo maana shikamoo haikuwapo. Mabadiliko haya hayathibitishi chochote, ila yanatosha kuomba uthibitisho.

Muuguzi hakuandika "una uhakika?" wala "kweli uko sawa?" Maswali hayo humbana mtu arudie neno lilelile kwa mkazo zaidi. Aliandika swali ambalo "salama" haiwezi kulijibu: "Ahsante mama. Ninaomba kujua kuhusu wewe mwenyewe. Tangu jana kichwa kimeuma? Hakijauma, kidogo, au sana? Na vidonge vya presha vimebaki vingapi?"

Jibu likaja: "Kidogo. Viko 9."

Kwa hesabu ya muuguzi, vilipaswa kubaki vitano. Sasa "kidogo" ina kitu cha kupimwa nacho. Alipiga simu papo hapo, akahakikisha anaongea na mama mwenyewe, na kwa sauti "ila" ikajitokeza. Kichwa kilianza jana usiku. Alimeza parasetamoli, kikapungua, kikarudi. Alikwisha kuacha vidonge vya presha kwa kuwa alijisikia mzima na aliogopa vingeathiri maziwa. Alipoulizwa kuhusu macho, alisema anaona vimulimuli. Hakuyaandika hayo kwa kuwa hakutaka kumsumbua nesi siku ya Jumapili.

Muuguzi alimwambia aje hospitali muda uleule, asije peke yake, na aje na mtoto. Alipofika, shinikizo lilikuwa 168/112. Kiwango cha 160/110 au zaidi ni dharura inayohitaji dawa ya kushusha shinikizo bila kungoja. Alipewa dawa hiyo, akapewa na magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, akalazwa. Hakupata degedege. Alielezwa pia kwamba nifedipini inaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha, jambo ambalo lingeweza kusemwa kabla hajatoka wodini.

Kuuliza tena bila kuchosha

Mhudumu mwenye wagonjwa 40 hawezi kumpigia simu kila anayejibu "sawa", wala hapaswi. Akifanya hivyo, wagonjwa wataacha kujibu, naye atachoka. Ngazi tatu zinatosha.

Ngazi ya kwanza ni kuacha. Jibu la neno moja linatosha ikiwa ujumbe ulikuwa wa kufahamisha tu, mgonjwa hayumo katika kipindi cha hatari, na anajibu kama alivyozoea. Linatosha pia ikiwa neno hilo lilikubaliwa mapema kuwa na maana maalumu, kama ilivyokuwa kwa "Sawa" ya Nairobi na Kajiado.

Ngazi ya pili ni kuuliza swali moja mahususi siku hiyohiyo. Hii inafaa pale swali la kwanza lilipokuwa salamu, au jibu limekuwa fupi kuliko desturi ya mgonjwa. Swali zuri huomba idadi, siku, au uchaguzi kati ya maneno matatu: vidonge vimebaki vingapi, mtoto amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, kidonda ni kikavu, kina majimaji au kina usaha. Ni vema salamu itangulie peke yake, iitikiwe, kisha swali lifuate katika ujumbe wake. Zikichanganywa, mgonjwa hujibu salamu na swali hupotea.

Ngazi ya tatu ni simu. Mhudumu apige bila kungoja ujumbe mwingine ikiwa mgonjwa yumo katika siku za hatari na jibu la pili bado halieleweki, au ikiwa ametaja dalili ya hatari hata kwa kuipunguza. Maneno "kidogo", "kiasi", "tu" na "najikaza" ni ya kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa mara nyingi mtu huyatumia kufunika jambo asilotaka liwe mzigo kwa mwingine. Ukimya wa mgonjwa aliye katika hatari nao huingia ngazi hii. Alama inayoonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa si jibu. Huonyesha kwamba umefunguliwa kwenye simu ile, lakini haionyeshi ni nani aliyeufungua.

Simu isipopokelewa, inafaa kuwe na namba ya pili ambayo mgonjwa mwenyewe aliitoa na kuiridhia kabla ya kuruhusiwa. Atakayepokea namba hiyo aambiwe tu kwamba fulani anaombwa apige simu, wala asitajiwe ugonjwa. Ikishindikana, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aombwe afike nyumbani. Muda wa kungoja hutegemea ugonjwa. Saa 48 zilifaa kwa dawa za maisha yote zinazofuatiliwa kila wiki. Kwa mama wa siku ya sita mwenye historia ya shinikizo kubwa, saa saba tayari zilikuwa nyingi.

Kinachoandikwa kwenye faili

Kosa moja hufuta faida ya uangalifu wote huu, nalo ni kutafsiri neno la mgonjwa wakati wa kuliandika. Jibu "salama" likiingia kwenye faili kama "mgonjwa anaendelea vizuri", muuguzi wa zamu ya usiku atasoma hukumu ya kitabibu ambayo hakuna aliyeitoa. Iandikwe ilivyokuwa: "Saa 10 jioni amejibu 'Salama'. Hajaulizwa kuhusu kichwa wala dawa." Sentensi ya pili ndiyo itakayomwonyesha anayepokea zamu pa kuanzia.

Kwa upande wa mgonjwa, makubaliano hufanyika vizuri zaidi kabla hajaondoka wodini, simu ikiwa mkononi mwake. Aambiwe ni maneno gani atumie, ajue kwamba "shida" peke yake inatosha bila maelezo, na kwamba atapigiwa bila kulaumiwa, hata kama ni Jumapili. Mama aliyeruhusiwa akiwa na historia ya shinikizo kubwa la damu atajiwe dalili ambazo hazifai kujibiwa kwa "salama" wala kungoja ujumbe wa mtu: kichwa kinachouma sana au kinachorudi, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya tumbo la juu chini ya mbavu, na kukosa pumzi. Akiona mojawapo, aende hospitali kwanza. Ujumbe utaandikwa akiwa njiani.